Sherehe ya watoto mtaani: anza na daftari, siyo na sufuria

Watu wakikubaliana kuwafanyia watoto wa mtaa sherehe ya sikukuu, mazungumzo hukimbilia pilau, muziki na turubai. Idadi ya watoto huulizwa mwisho, wakati ndiyo inayoamua mchango, unga na watu wazima wa kusimamia. Tuchukue mfano wa mtaa wa Dar es Salaam wenye nyumba 12 zinazoshiriki, sherehe ikiwa tarehe 26 Desemba, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Muda huo unatosha, na kila mtoto anafika kwao kabla ya giza.

Wiki tatu kabla, mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba na daftari. Aandike jina la mtoto, umri, namba ya simu ya mzazi, nani atamleta na nani atamchukua. Kisha aulize mambo ya afya: pumu, kifafa, selimundu, chakula kinachomdhuru. Kwa selimundu aulize zaidi, kwa sababu mtoto huyo anahitaji maji mara kwa mara na asikimbizwe juani hadi achoke, na asiyejua atamshangilia tu aongeze mbio. Tuseme daftari limetoa watoto 40 wa miaka 3 hadi 13. Pika kwa ajili ya 48. Wanane hao ni wa shangazi aliyekuja kula sikukuu na wa jirani aliyesema hatashiriki, halafu watoto wake wakasikia muziki. Walio chini ya miaka 3 waje na mzazi wao na wakae naye mwanzo hadi mwisho.

Sasa pesa. Ukigawa gharama kwa kichwa cha mtoto peke yake, mama mwenye watoto watano analemewa na anaacha kuwaleta. Ukigawa sawa kwa nyumba, mwenye mtoto mmoja atanung'unika. Njia inayopunguza maneno ni kuchanganya: kila nyumba shilingi 8,000, halafu 1,000 kwa kila mtoto. Nyumba 12 zinatoa 96,000, watoto 40 wanaleta 40,000, jumla 136,000. Mwenye mtoto mmoja ametoa 9,000, mwenye watano 13,000. Asiye na fedha alete mkaa, nazi au aazime sufuria kubwa, na kitu chake kiandikwe kwa thamani yake kama mchango wa mwingine yeyote.

Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika daftari. Kwenye kundi la simu tangazeni jumla iliyofika, msiweke orodha ya wasiolipa. Orodha hiyo ndiyo huvunja sherehe kabla haijaanza. Michango ikipitia simu, hesabuni makato ya kutoa, la sivyo mnafika sokoni mkiwa na upungufu ambao kila mtu atamtazama mshika fedha. Mwisho wa kupokea uwe tarehe 18. Ukingoja hadi tarehe 23 au 24 utakuta nazi, sukari na mafuta vimepanda bei, na foleni juu yake. Na mkubaliane mapema kwamba mtoto ambaye kwao hawakulipa hatarudishwa langoni. Deni la mzazi linadaiwa kwa mzazi.

Kwenye chakula, ushauri wetu ni mmoja na hatuubadilishi: acheni nyama. Nyama inakula nusu ya mchango, inaleta swali la nani amechinja katika mtaa wenye Waislamu na Wakristo, na joto la Desemba haliivumilii. Maandazi, bisi, tikiti maji na juisi ya ukwaju vinatosha kabisa, na watoto hawatauliza kuku yuko wapi.

Unga wa ngano kilo 1 unatoa maandazi 25 hadi 30 ya ukubwa wa kawaida. Mawili kwa kila mtoto ni 96, kwa hiyo kilo 4 zinatosha na yanabaki ya wasimamizi. Kila kilo iende na sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja kikubwa, iliki na tui vuguvugu kama nusu lita, ukilimimina kidogo kidogo. Tui la moto linaua hamira, na dalili yake ni donge lililokaa saa nzima bila kuumuka. Mafuta lita 3. Yakiwa ya moto mno, andazi linakuwa jekundu nje huku ndani ni bichi. Yakiwa baridi linayanywa. Mahindi ya bisi kilo 1 yanajaza zaidi ya lita 30, kwa hiyo msinunue kilo mbili. Wekeni bisi kwenye bahasha za kaki, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Juisi ni lita 20: ukwaju kilo 2, sukari kilo 2, na maji yaliyochemshwa usiku wa kuamkia sherehe yakapoa yakiwa yamefunikwa. Watu wengi huchemsha maji vizuri kisha wanatumbukiza barafu ya kununua, iliyogandishwa na maji ambayo hawajui yametoka wapi. Barafu ikae nje ya ndoo, ndani ya beseni, ndoo ya juisi izamishwe humo. Kila mtoto aje na kikombe chake kutoka kwao, kimeandikwa jina chini. Tikiti 3 kubwa zikatwe dakika chache kabla ya kula, siyo asubuhi. Tunda lililokatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto linalozidi nyuzi 32 saa moja ndiyo mwisho.

Kukaanga kote kufanyike ua wa nyumba nyingine na kuishe saa nane. Karai la mafuta ya moto halina nafasi mahali watoto wanapokimbizana, hata kama aliye jikoni ni fundi.

Walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi, karanga wala peremende ngumu, kwa kuwa vinaziba koo kirahisi. Wape ndizi iliyoiva, iliyokatwa vipande vidogo, pamoja na andazi. Baluni nazo ni hatari ya aina hiyohiyo: ikipasuka, vipande viokotwe palepale, na kazi ya kuzipuliza iwe ya watu wazima. Watoto wote wale chakula wakiwa wamekaa kwenye mkeka, michezo imesimama. Mtoto aliyepaliwa akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara 5, na uendelee kubadilishana hivyo huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Hiyo ni kwa aliyezidi mwaka mmoja. Kwa mtoto mchanga tumbo halibanwi. Wasimamizi wote wafanye zoezi la mikao hiyo kabla ya siku, bila kumbana mtu kwa nguvu.

Asubuhi ya sherehe mtu achuchumae na kuuzunguka uwanja akiwa kwenye urefu wa mtoto wa miaka minne. Ataona waya wa spika uliopita katikati ya njia, misumari ya ubao, mfuniko wa shimo unaocheza, ndoo ya maji iliyojaa pembeni ya choo. Ndoo hiyo ni ya kufunikwa au kumwagwa, maana mtoto mdogo anaweza kuzama humo bila kupiga kelele. Lango linaloangalia barabara ya bodaboda lifungwe, wabaki wanatumia mlango mmoja tu.

Mlango mmoja hausaidii bila watu. Nyumba 12 zimetoa pesa, na kila moja itoe pia mtu mzima mmoja. Hilo ni sehemu ya mchango. Kati ya hao 12, watatu wakae na wadogo wa miaka 3 hadi 5, watatu na wa 6 hadi 9, wawili na wakubwa. Mmoja mlangoni, mmoja karibu na choo na maji ya kunawa, wawili kwenye chakula. Majina yabandikwe ukutani pamoja na zamu. Bila hivyo wote 12 watajikuta kwenye ndoo ya juisi wakipiga soga, kila mmoja akiamini mwenzake anaangalia. Anayegawa maandazi hahesabiwi kama mlinzi, macho yake yako kwenye sahani.

Wa chooni anasimama nje, mahali anapoonekana na wengine. Hakuna mtu mzima anayejifungia na mtoto peke yake, awe mjomba, mwalimu au mchungaji. Mdogo anayehitaji kusaidiwa asaidiwe na mzazi wake, au mlango ukiwa wazi na mtu wa pili karibu. Kanuni hii isomwe kwa sauti kwenye kikao ili isionekane imemlenga mtu. Mtoto akisema jambo linalotia wasiwasi, msimhoji mbele za watu. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.

Kila mtoto akiingia afungwe mkononi kipande cha kitenge chenye namba yake ya daftarini, rangi moja kwa kila kundi la umri. Wahesabiwe mara tatu: michezo ikianza, wakikaa kula, na kabla ya kutawanyika. Michezo iwe rede, kuruka kamba, mbio za magunia na za ndimu kwenye kijiko. Kombolela ni tamu, lakini siyo leo. Ni mchezo wa watoto kupotea makusudi, na hesabu yako itakuwa kazi bure. Fataki pia hapana.

Nusu saa ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Wasimamizi wamechoka, wazazi wanafika pamoja, mlangoni pamejaa. Wakalisheni watoto kwenye mikeka yao kwa makundi, aitwe mmoja mmoja kwa namba, na wa mlangoni atie alama daftarini.

"Shikamoo mama, nimetumwa nimchukue Rehema."

"Marahaba mwanangu. Hapa pameandikwa atakuja bibi yake. Subiri kidogo nimpigie mama yake."

Hata kama kijana huyo unamjua tangu anatambaa, piga simu. Inachukua dakika moja. Kaka wa miaka 10 kumpeleka mdogo wake nyumbani ni sawa, iwapo mzazi alisema hivyo siku ya kuandikisha.

Kesho yake hesabu iwekwe kwenye kundi, na picha za risiti: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mafuta yaliyotumika yasirudishwe sokoni wala kugombewa, apewe aliyekaanga. Picha za watoto zisitumwe nje ya kundi bila ruhusa ya mzazi wa kila anayeonekana, na daftari lenye namba za simu lirudi kwa aliyeliandika, lisibaki dukani kwa Mangi likifungia sukari.