Bamia ngumu, biringanya chungu

"Wakuu, niko Tanga, bamia zangu zinakomaa ngumu na biringanya zimejaa mbegu. Nakosea wapi?"

Mkuu, unachelewa kuchuma. Kwa joto la huko, ua la bamia likishanyauka, tunda linafaa baada ya siku 4 hadi 6, likiwa fupi kama kidole. Jaribu kuvunja ncha: ikikatika kwa mlio, chuma, ikipinda tu, ina nyuzi. Pita kila baada ya siku moja, na yaliyokomaa yakate pia, maana mti ukilea mbegu hupunguza maua.

Biringanya zichume wakati ngozi bado inang'aa.

Msimu ujao loweka mbegu za bamia usiku mmoja, panda moja kwa moja shambani, sentimita 30 kwa 60. Biringanya anzia kitaluni, kisha hamishia sentimita 60 kwa 90.