Maswali na Majibu: Kujitambulisha Mbele ya Hadhira ya Lugha Mbili

"Nianze kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?" (Wasomaji kadhaa, tena)

Swali hili linarudi kila mwezi, na kila mwezi linakuja bila jambo la pekee ambalo lingewezesha kulijibu: nani atakuwa ameketi mbele yako. Kabla hujaniandikia, mpigie simu aliyeandaa kikao umuulize mambo matatu. Je, yupo asiyejua Kiswahili kabisa? Je, yupo asiyejua Kiingereza kabisa? Je, kutakuwa na mkalimani? Ukishapata majibu hayo, anza kwa lugha ya wale ambao wakikukosa hapo mwanzo hawatakuwa na njia nyingine ya kukupata. Mgeni mwenye mwenyeji pembeni yake, au mwenye karatasi ya muhtasari mkononi, anaweza kusubiri dakika moja. Mzee aliyetoka kijijini na kuketi safu ya nyuma hana wa kumnong'oneza.

Usifanye uchunguzi huo ukiwa jukwaani kwa kuomba watu wanyooshe mikono. Mgeni asiyejua Kiswahili atanyoosha mkono bila haya, kwa kuwa hakuna anayemtarajia akijue. Mtu wetu asiyejua Kiingereza hatanyoosha, kwa sababu shule zetu zimemfundisha kwamba kutokijua ni aibu. Utahesabu mikono, utaona ya wageni peke yake, nawe utaendelea kwa Kiingereza ukiamini kwamba umewauliza wote.

"Mimi ni mtaalamu wa maji, Morogoro. Nina dakika moja na nusu kujitambulisha mbele ya wakulima wa umwagiliaji na wafadhili wawili wasiojua Kiswahili. Niigawanyeje?"

Hili ndilo swali linalostahili nafasi, kwa hiyo nitakwenda nawe hatua kwa hatua.

Sekunde arobaini na tano za kwanza ni za wakulima, kwa Kiswahili kitupu. Unaweza kusema hivi: "Shikamooni wazee wangu, na nyote, habari za asubuhi. Naitwa fulani. Kazi yangu ni kupima maji ya mto: nasoma kina kwenye vipimo vilivyosimikwa mtoni, kisha nakadiria maji yanayopita pale ni kiasi gani. Leo nimekuja kuwaonyesha kwa nini mifereji ya chini inakauka ifikapo Septemba, na kusikia kwenu jinsi mnavyogawana zamu." Angalia kwamba hakuna cheo wala shahada. Mkulima anataka kujua unafanya nini na maji yake. Akishalijua hilo, cheo chako atakiuliza mwenyewe akikihitaji.

Kisha unahitaji daraja, yaani sentensi moja ya Kiswahili inayowaarifu wenye lugha hiyo kwamba utaiacha kidogo, kwa sababu gani, na kwa muda gani: "Wageni wetu wawili hawafuati Kiswahili, naomba niwaeleze kwa Kiingereza mimi ni nani na tunazungumza nini, kisha nitarudi kwenu." Wazungumzaji wengi huiruka sentensi hii kwa kudhani kwamba sababu inaonekana yenyewe. Haionekani. Mkulima anayesikia lugha ikibadilika ghafla, huku macho ya mzungumzaji yakihamia meza ya mbele, anaelewa kwamba sasa wanazungumza wakubwa na kwamba zamu yake imekwisha. Utalijua hilo kwa kutazama safu za nyuma: watu wanageukiana na kuanza mazungumzo yao, na ukirejea kwa Kiswahili inakuchukua muda mrefu kuwarudisha.

Kiingereza chako kiwe cha sekunde ishirini hadi ishirini na tano: jina, cheo na taasisi, kwa kuwa wafadhili hao ndivyo wanavyomtambua mtu, kisha sentensi moja ya mada, kisha waelekeze watakapofuata, kwa mfano kwenye mchoro wa ukutani wenye tarakimu za kina cha maji, ambazo hazina lugha. Ukiwa unazungumza nao, usiwape wakulima mgongo. Geuza uso, kiwiliwili kibaki kimeelekea ukumbi mzima.

Muda uliobaki unarudi kwa Kiswahili, na hapa wengi hukosea kwa kurudia waliyokwisha kuyasema. Rudi na jambo jipya, hata dogo: "Turudi mtoni. Nitaanza na kituo kilicho juu ya banio lenu, kwa sababu hapo ndipo maji yanapopungua kwanza." Ukirudi na jambo jipya, watu wanaona kwamba safari iliendelea na kwamba hawakuwekwa pembeni.

Naongeza onyo ambalo hukuliomba. Usiseme kwa Kiingereza lolote ambalo usingelisema kwa Kiswahili mbele ya watu wale wale, hasa jambo la fedha. Mzungumzaji anapowashukuru wafadhili kwa bajeti kwa lugha yao, wakulima hawaelewi sentensi, lakini "milioni" na "dola" wanazisikia vizuri sana, na swali la kwanza baada ya chai litakuwa fedha hizo ziko wapi. Chunga na sauti pia. Nimewasikia wataalamu wanaowaomba wageni kwa upole kwa Kiingereza, kisha wanawaamrisha wenyeji kwa Kiswahili: "inabidi muelewe", "mnatakiwa mbadilike". Asiyejua Kiingereza hakosi kutambua tofauti hiyo, maana unyenyekevu husikika katika sauti kabla ya maneno.

"Je, kila sentensi niirudie kwa lugha ya pili?"

Hapana. Kila msikilizaji atakuwa anasubiri nusu ya muda, na wanaojua lugha zote mbili, ambao mara nyingi ndio wengi, watakusikia ukijirudia tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ofisini kwetu Nairobi tunachanganya katikati ya sentensi na sote tunaelewana. Kwa nini unatukataza?"

Sijawakataza, na naomba msomaji anisome kabla ya kunishtaki. Kuchanganya baina ya watu wanaozijua lugha zote mbili ni mazungumzo ya kawaida yenye utaratibu wake. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza usemi wa Nairobi, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1993 kwamba lugha moja huweka mifupa ya sentensi na nyingine huchangia nyama. Ndiyo maana mtu anasema "nimeforwadi ile ripoti": kitenzi kimeazimwa, lakini nafsi, wakati na kionyeshi vyote ni vya Kiswahili. Hakuna uvivu hapo.

Tatizo linaanza mnapoupeleka usemi huo jukwaani, mbele ya mtu anayeijua lugha moja tu. Asiyejua Kiingereza anapata "nime-" na "ile", lakini neno lenye habari limempita. Asiyejua Kiswahili anapata neno lenye habari, lakini hajui kama jambo limefanyika, litafanyika au limekataliwa, kwa sababu hayo yote yamo kwenye viambishi. Sentensi moja imewaacha wote wawili. Kwa hiyo jukwaani badilisha lugha kwenye maungio: mwisho wa salamu, mwisho wa maelezo ya kazi, mwisho wa hoja. Ndani ya wazo moja, kaa na lugha moja hadi ulimalize.

Bunge lenu wenyewe lina sharti kali kuliko langu. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa mojawapo aimalize kwa hiyo hiyo. Kwa utambulisho mbele ya hadhira mchanganyiko naliona sharti hilo limezidi, kwa kuwa lingekulazimisha kumwacha mtu mmoja nje moja kwa moja. Hata hivyo lina faida ambayo kila mzungumzaji angeionja mara moja: linamlazimu mtu ajue kabla hajasimama ikiwa anayo maneno ya kutosha katika lugha aliyoichagua.

"Cheo changu hakina Kiswahili. Nifanyeje?"

Nina shaka kama hakina. Huenda hujakitafuta, kwani hata barua nyingi za ajira serikalini Tanzania hutaja cheo kwa Kiswahili. Ikiwa kweli hakipo, acha cheo utaje kazi kwa kitenzi: "nakagua mikataba ya ununuzi kabla haijasainiwa" inamweleza msikilizaji mengi kuliko cheo chochote. Jambo moja nakuomba usilifanye kamwe, nalo ni kuomba radhi kwa Kiswahili chako. "Mnisamehe, Kiswahili changu si kizuri" ni sentensi ya kwanza ambayo watu watakukumbuka kwayo, na mara nyingi husemwa na mtu anayetaka ijulikane kwamba amesoma Kiingereza.

"Nipo Minnesota. Nitajitambulisha kama mjomba wa bibi harusi, na nusu ya ukumbi, wakiwemo wapwa zangu, hawajui Kiswahili. Salamu za wazee nizitoe kwa lugha gani?"

Kwa Kiswahili, na usizitafsiri. Wasalimu wazee wa pande zote mbili, pokea "marahaba" yao kikamilifu, kisha hapo kwenye ungio ingia Kiingereza useme wewe ni ndugu wa mama yake bibi harusi na kwamba umewasalimu wakubwa kwanza kama ilivyo desturi. Vijana hawatapungukiwa na lolote. Sehemu ya kumsifu binti iseme kwa lugha anayoielewa yeye mwenyewe, maana si haki aambiwe neno zito la mjomba wake siku ya harusi yake kisha alisikie kwa kunong'onezewa.

"Nilijitambulisha kwa lugha zote mbili, nikataja na muda wa mafunzo. Wenye Kiingereza walifika, wenye Kiswahili wakaja alasiri. Nilikosea wapi?"

Kwenye saa. Ulikuwa na kumi ya Kiingereza kichwani, na uliporudi kwa Kiswahili ukasema "saa kumi", wakati waliokusikia wanaihesabu siku kuanzia macheo: kwao saa kumi ni alasiri, na muda uliokusudia wewe ni saa nne asubuhi. Waliwafuata wenzao baada ya muda wa saa sita, tena wakiwa wamefuata maneno yako sawasawa. Kosa hili huwapata zaidi wanaobadilisha lugha kwa kasi, kwa sababu tarakimu hubaki ulimini hata lugha inapogeuka. Siku nyingine taja muda kwa Kiswahili kwanza ukiambatanisha asubuhi au jioni, vuta pumzi, kisha utaje kwa Kiingereza, na uandike ubaoni tarakimu moja tu, 10:00 asubuhi, ukiwaeleza wenye Kiswahili kwa mdomo kwamba hiyo ndiyo saa nne yao.