Mipaka ya punje kutoka myeusi na minene kwenye 304 si sifa. Zima tanuri kwanza

Swali: "Nimeng'arisha kipande cha stenlesi 304 nikakilisha asidi oksaliki. Mipaka ya punje imetoka myeusi, minene, inapendeza kweli. Kwa nini mipaka ndiyo inaliwa kwanza? Nishati yake hupimwaje? Na ni kweli inaharakisha usambaaji? Kipande ni cha tangi tulilolitoa mkazo kwa nyuzi 650 baada ya kuchomelea. Kesho tunaingiza tangi la pili."

Mkuu, hilo tangi la pili lisiingie. Mengine tutaongea baadaye.

Hiyo picha unayoisifia niliwahi kuwa nayo. Niliikuza, nikaibandika kwenye ripoti, nikaandika chini yake "mipaka imejitokeza vizuri". Nikatia sahihi. Mpaka leo nikiona sahihi yangu mahali najishtukia.

Letu lilikuwa tangi la 304 ya kawaida, cheti cha bamba kinasema kaboni asilimia 0.06. Mzee mmoja wa matanuri, mtu wa kuogopwa, akatuambia: "Nyuzi 650, saa mbili, liacheni lipoe humohumo polepole, mkazo wote utaisha." Kwa chuma cha kaboni cha kawaida ushauri huo hauna ubaya. Kwa 304 ni kuomba msiba. Nilipomwonyesha picha ya mipaka myeusi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huo ndio mng'ariko wa mtu anayejua kazi. Nikavimba kichwa, na ujinga ukakamilika.

Tangi likawekwa asidi ya nitriki ya moto. Baada ya miezi likaanza kutoka jasho, si kwenye mshono wenyewe, kila mahali. Kipima unene kikasema bamba lipo karibu lilelile. Tukabishana na kipimo. Kisha mtu akaligonga kwa nyundo: badala ya mlio wa chuma tukasikia kishindo kifu, kama unagonga ubao uliolowa. Tukakata ukanda tukaukunja, ukapasuka, na nilipousugua kwa kidole punje zikadondoka kama mchanga. Kila punje nzima, inang'aa, haina shida yoyote. Kilicholiwa ni kile kilichokuwa kinazishikanisha.

Sasa sikiliza kwa nini. Kwenye mpaka, fuwele mbili zenye mielekeo tofauti zinakutana na hazioani. Atomi za hapo hazina majirani kamili, hivyo zimebeba nishati ya ziada na zimeshikwa kilegevu. Kwa shaba, mpaka wa kawaida una takriban jouli 0.6 kwa kila mita ya mraba. Mpaka wa pacha, ule mstari ulionyooka unaokata punje katikati, una kama 0.02 tu, kwa sababu pande zake mbili zinaoana karibu kabisa. Kwa vimiminika vingi vya maabara, atomi zilizoshikwa kilegevu huyeyuka mapema, kunachimbika kijifereji, mwanga unatawanyika pale badala ya kurudi kwenye lenzi, nawe unaona mstari mweusi. Mpaka hapo ni kawaida, hakuna cha kuogopa.

Ila asidi oksaliki kwenye 304 yenye afya haichori hivyo. Punje mbili zinaliwa kwa kasi tofauti kulingana na mwelekeo wake, moja inabaki juu na nyingine chini, na mpaka unaonekana kama ngazi, mstari mwembamba. Ukiona mtaro mpana, mweusi, unaozunguka punje nzima, hiyo si nishati ya mpaka peke yake inayoongea. Kemia ya mpaka imeshabadilika.

Na imebadilishwa na huo usambaaji unaouliza. Mpaka una upana wa takriban nusu nanomita. Punje ya mikromita 50 ni kubwa kuliko hapo mara 100,000, kwa hiyo njia ya mpaka ni nyembamba mno, na ili ishinde lazima atomi zikimbie humo zaidi ya mara 100,000 kuliko ndani ya punje. Kwenye joto la chini zinakimbia hivyo, na zaidi. Kwenye joto kubwa ndani ya punje nako kunachangamka, na faida ya mpaka inafifia.

Nyuzi 650 ndipo mahali pabaya kabisa. Kaboni ni atomi ndogo, inajipenyeza katikati ya nyingine, na kwa saa mbili inaweza kusafiri makumi ya mikromita: yaani kutoka moyoni mwa punje hadi ukingoni. Kromi ni kubwa, kwa muda uleule ndani ya punje inasogea makumi ya nanomita tu. Kwenye mpaka kromi inakimbia, zinakutana, zinajenga kabidi, Cr23C6. Gramu moja ya kaboni humo inakamata takriban gramu 16 na nusu za kromi.

Piga hesabu ya kaboni yetu ya 0.06: hata ikikamatika yote, inameza asilimia moja ya kromi. Kama kromi ingetolewa sawasawa kutoka bamba zima, 18 ingekuwa 17 na hakuna ambaye angejua. Lakini inatolewa kwenye utepe mwembamba kando ya mpaka, na ya ndani haiwahi kuja kujaza pengo. Utepe ukishuka chini ya asilimia 12 hivi, ile ngozi ya oksidi inayolinda stenlesi haishiki tena. Una bamba la stenlesi lililoshonwa kwa uzi usio stenlesi.

Yote haya ningeyaona kama ningekuwa na kipande cha kulinganisha. Ndilo ninalolipigia kelele kila uzi, mnichoke tu: USISOME MPAKA BILA KIPANDE CHA KULINGANISHA. Kata kingine kutoka bamba lilelile, kipashe hadi nyuzi 1,050 hivi mpaka kabidi iyeyuke, kizamishe majini mara moja. Ng'arisha vyote kwa msasa uleule, viweke kwenye asidi oksaliki ya asilimia 10, ampea moja kwa kila sentimita ya mraba, dakika moja na nusu. Sio "mpaka kipendeze", dakika moja na nusu. Kimoja kikionyesha ngazi na kingine mitaro, majibu unayo. Angalia na mapacha: kwenye kipande kilichoharibika mipaka ya kawaida ina mitaro huku mistari iliyonyooka ya pacha bado misafi, maana kabidi hupenda kuanza penye nishati kubwa.

Tahadhari moja: kipimo hiki kinaweza kupitisha bamba, hakina mamlaka ya kulikataa. Ukiona mitaro, peleka kipande kikachemshwe kwenye asidi salfuriki yenye salfeti ya shaba na vipande vya shaba, kisha kikunjwe. Kikipasuka kama wetu, tangi la kwanza lisitiwe asidi.

La pili, soma cheti chake leo usiku. Kama ni 304L, kaboni isiyozidi 0.03, mna nafasi ya kupumua. Kama ni 304 tupu, liacheni na mkazo wake. Na yule aliyewapa hiyo 650, muulize alikuwa anazungumzia chuma gani. Kama ni mzee wangu yuleyule, msalimie.