Zainab au Zainabu? Usisome jina kabla ya kuliandika sawasawa

Wanaoanza kusoma majina kwa mtindo wa Wakaldayo, ambao huipa kila herufi namba kisha huzijumlisha, hukimbilia tarakimu moja inayobaki mwishoni. Wakipata 4, wanasoma 4, basi. Mimi pia nilianza hivyo, na kila mwenye 4 nilimwambia maneno yaleyale. Katika mtindo huu, tarakimu moja inaeleza jinsi mtu anavyoonekana kwa nje. Namba pacha, yaani jumla yenyewe kabla ya kupunguzwa, kuanzia 10 hadi 52, ndiyo inayoeleza kilichojificha nyuma yake.

Tumfanyie kazi mtu wa mfano, Zainabu Rashidi. Thamani tunazohitaji ni hizi: A na I ni 1, B na R ni 2, S ni 3, D ni 4, H na N ni 5, U ni 6, Z ni 7. Hakuna herufi inayopewa 9. Zainabu inatoa 23, ambayo ni Nyota ya Kifalme ya Simba, ahadi ya msaada kutoka kwa wakubwa. Rashidi inatoa 17, nyota ya Mamajusi yenye ncha nane, namba ya jina linalodumu baada ya mwenyewe kuondoka. Jumla ni 40, na mzizi wake, yaani 4 + 0, ni 4.

Sasa andika kama pasipoti yake ilivyo: Zainab Rashid. Zainab inakuwa 17. Rashid inashuka hadi 16, mnara uliopigwa radi. Jumla ni 33, mzizi 6. Irabu mbili tu za mwisho, ambazo sisi Waswahili tunaziongeza bila kufikiri, zimebadilisha kila kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni hili: watu wanakuita na kukuandika vipi kila siku? Hilo ndilo jina la kusoma, hata kama cheti kinasema vingine.

Usihangaike kukariri namba zote. Kuanzia 33 kwenda juu, karibu zote zinarudia maana za nyuma. Zenye maana mpya ni 37, 43 na 51 tu. 33 inasomwa kama 24, yaani mapenzi na msaada wa wenye vyeo. 40 inasomwa kama 31, mtu mpweke hata akiwa katikati ya watu. Hapo ndipo usomaji unapopata ladha: Zainabu ana majina mawili yenye nyota, lakini yakiungana yanamweka peke yake. Mwambie yote mawili.

Mtego uliobaki ni wa hesabu. Wapo wanaopunguza kila jina kwanza: 23 inakuwa 5, 17 inakuwa 8, jumla 13, mifupa yenye fyekeo, namba ya mageuzi. Mzizi bado ni 4, kwa hiyo tofauti haionekani ukihakiki kwa mzizi. Chagua njia moja na uishike. Mimi najumlisha kwanza.

Na tafadhali usichanganye na hesabu ya abjadi ya falaki yetu, inayotumia pia jina la mama na kugawanya kwa 12. Hiyo ni elimu nyingine.