Nililipa elfu 30 kupiga Windows upya, kumbe shida ni betri ya elfu mbili

Juzi dogo mmoja wa Singida kanitumia picha inboksi, kompyuta yake haifungui tovuti yoyote, kila akigusa inamletea NET::ERR_CERT_DATE_INVALID na juu kabisa imeandikwa "Your clock is behind", sasa fundi kamwambia alete 35,000 apige Windows upya. Nilivyoona ile picha roho iliniuma aisee, maana mimi nililipa. Dogo usilipe kwanza, soma hii.

Nina stationari hapa Dodoma, wateja wangu wengi wanafunzi wa chuo, kazi zangu kuprinti, kuskani na kujaza maombi mtandaoni. Mwaka juzi mwezi wa pili nikaanza tabia ya kuzima swichi kubwa kila nikifunga, nilikuwa nabana unit za LUKU. Siku kadhaa mbele nafungua asubuhi, kompyuta ya mezani inawaka vizuri, intaneti ipo, ila kila tovuti inaniambia siyo salama. Mimi nikajua bando. Nikanunua lingine, nikazima rauta nikawasha, wapi. Kuna dada alikuwa anatuma maombi ya kazi, mwisho saa sita mchana, akawa ananiangalia tu, baadaye akasema "kaka, mbona kwenye simu yangu inafungua?" Nikamjibu simu na kompyuta ni vitu tofauti. Kwa kujiamini kabisa! Akabeba mafaili yake akaenda duka la pili na mpaka leo hajarudi kwangu.

Jibu lilikuwa kona ya chini kulia ya skrini muda wote, tarehe ilikuwa 01/01/2015. Iko hivi, kila tovuti inayoanza na https ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha kama leseni ya udereva. Brauza inalinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Sasa cheti kimeanza mwezi uliopita halafu kompyuta yako inaamini tuko 2015, lazima iseme hiki cheti bado hakijaanza. Simu ya yule dada ilikuwa inachukua saa kwa mtandao wa simu, ndiyo maana ilifungua.

Fundi akaja, akapiga Windows, akaweka tarehe kwa mkono, mambo safi, 30,000 ikaondoka. Nikafunga, nikazima swichi kama kawaida, kesho yake asubuhi 2015 imerudi. Hapo ndo nilitamani kulia. Mzee mmoja anayetengeneza redio jirani ndiye aliyeniambia fungua, kuna betri kwenye mazabodi, ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayotunza saa kompyuta ikiwa haina umeme kabisa. Ukiacha waya kwenye soketi yenye moto, hata kompyuta ikiwa imezimwa saa inakula umeme wa ukutani, betri inapumzika. Mimi na ubahili wangu wa LUKU nilikuwa naifanyisha betri kazi usiku kucha, na kompyuta yenyewe ya mtumba, betri ya miaka mingapi sijui.

Nilinunua ya elfu mbili. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza moto uliobaki, sukuma kale kakishikizo betri iruke, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwasha ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwenye mashine nyingi ni F2 au Delete, weka tarehe na saa. Usikimbilie kuiambia Windows ijirekebishe yenyewe kabla hujaisogeza tarehe karibu na ya kweli kwa mkono, kwa sababu kompyuta ya kawaida isiyo ya ofisi kubwa ina kikomo cha saa 15, tofauti ikizidi hapo inagoma na kukuandikia "the required time change was too big". Miaka ni zaidi ya saa 15 jamani.

Nikajua nimemaliza. Wapi bwana.

Tovuti zikawa zinafunguka zote, ila ile programu ninayohifadhia mafaili ya wateja mtandaoni ikawa inakubali pasiwedi halafu inanirudisha tena kwenye kuingia, naweka tena, inanirudisha tena. Nikabadilisha pasiwedi mara tatu. Saa naiangalia iko sawa na ya mkononi dakika kwa dakika. Tena nikiruhusu ijipange kwa intaneti inaniletea saa kumi usiku wakati ni mchana, nikasema intaneti ndiyo inayoharibu, nikazima "Set time automatically", nikawa naweka kwa mkono. Wiki mbili nzima.

Kumbe fundi wakati anapiga Windows aliacha ukanda wa saa wa Marekani, Pasifiki. Angalia hesabu. Saa tisa alasiri ya Dodoma kwa saa ya dunia, UTC, ni 12:00, maana sisi tuko mbele masaa matatu. Pasifiki mwezi wa pili wako nyuma ya UTC masaa manane. Kwa hiyo mimi nikiandika 3:00 PM kwenye ukanda wao, kompyuta inajumlisha nane, inaamini UTC ni 23:00. Iko mbele masaa 11! Vyeti vingi vinavumilia hayo, vinadumu miezi. Lakini ukiingia kwenye akaunti seva inakupa tokeni, siyo ya LUKU, ni kama kibali cha muda mfupi, mara nyingi lisaa limoja tu. Programu ikiangalia saa yake inaona kibali kimekufa kabla hakijatumika, inakurudisha mlangoni. Na intaneti haikuwa inaharibu saa, ilikuwa inaiweka sahihi, ya Marekani.

Kujua ukanda wako fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika:

```
tzutil /g
```

Ikikuletea "Pacific Standard Time" umempata mchawi. Kama ulizima "Set time automatically" kama mimi, iwashe tena kwanza, la sivyo amri ya mwisho itagoma. Fungua cmd kwa "Run as administrator" kisha:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /resync
```

Ikisema huduma imeshawaka, endelea tu. Kwenye menyu za Windows usitafute Dodoma wala Dar, hazipo, sisi tunachagua "(UTC+03:00) Nairobi". Na mkiweka kwa mkono kumbukeni kompyuta haijui Kiswahili, kijana wangu wa dukani aliwahi kuandika 3:00 AM kwa sababu ilikuwa saa tatu asubuhi, akanirudisha nyuma masaa sita.

Halafu acheni ile tabia ya kubonyeza "Advanced" ukalazimisha kupita, hasa ukiwa unaingiza pasiwedi ya mtu. Kama ni tovuti moja tu inagoma na zingine zinafunguka, cheti chao ndicho kimeisha, saa yako haina kosa. Na kama ni mashine ya zamani ambayo haijawahi kupata apdeti, inaweza kugoma hata saa ikiwa sahihi, kuna cheti mama kiliisha tarehe 30/9/2021 na mashine nyingi za zamani hazikuwa na kipya.

Dogo wa Singida, leo weka tarehe sahihi, zima, chomoa waya ukutani kabisa ulale nayo hivyo. Kesho asubuhi iwashe bila intaneti, piga picha ile kona ya chini kulia, nitumie.