GAD-7 kwa Kiluganda: tukate 8 au 10?

"Jamani, GAD-7, yaani dodoso la maswali saba la kupima wasiwasi, tumeitafsiri Kiluganda. Tuwapeleke kwa tabibu wanaopata kuanzia alama 8 au 10? Kituo chetu kina afisa tabibu mmoja tu."

Ndugu, anza na idadi ya watu ambao afisa huyo anaweza kukaa nao faraghani kwa siku. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliokileta kipimo hiki uliona kwamba kwa 10 kinanasa 89% ya wenye ugonjwa wa wasiwasi, na kuwaacha salama 82% ya wasio nao. Tuseme wagonjwa 100 wa nje, 10 wanao. Utanasa 9, pamoja na 16 wasio nao. Foleni ya watu 25 huyo mmoja ataimudu? Ukishusha hadi 8 huenda ukampata wa kumi, ila foleni itarefuka.

Aliyesema hapo juu "10 ni ya dunia nzima" amepatia nusu. Kule watu walijaza fomu wenyewe, kimya. Ninyi mnasoma kwa sauti kwenye benchi, jirani akisikiliza, na watu hupunguza majibu.

Dada uliyeandika hapo juu kwamba ulipata 12 wiki ya msiba, pole. Alama hiyo si ugonjwa, ni sababu ya kuongea na tabibu.

Mkijaribu wenyewe, wahojini pia baadhi ya waliopata chini ya 8, mkiwachagua kwa kura, na anayehoji asione alama. Mkihoji waliovuka tu, kipimo kitaonekana kinanasa karibu kila mtu, kwa kuwa waliokiponyoka hamkuwatafuta.