Biti hii ya drili ni ya kutoboa mbao, ukuta au chuma?

Nimepewa mkebe wa biti zilizochanganyika. Nikizipiga picha, nitazame wapi kwanza?

Ncha. Piga picha mbili kwa kila biti, moja ya ubavuni na nyingine ukiielekeza ncha kwenye kamera, mwanga ukitokea pembeni ili kingo zionekane. Biti ya mbao ina mwiba mdogo katikati, na kwenye kingo za nje kuna vijisu viwili vinavyokata nyuzi za mbao kabla ya shimo kuchimbwa. Biti ya chuma haina mwiba. Ncha yake ina umbo la pia, imenolewa, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 118 au 135, na ukingo wa mifereji yake ni mkali hadi juu.

Biti ya ukuta ina kibao cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kilichopachikwa kwenye mkato kichwani. Tafuta mstari wa kiungo chake, mara nyingi una rangi ya shaba. Kibao hicho hujitokeza kidogo pande zote mbili, hivyo kichwa ni kipana kuliko mwili. Mifereji yake ina kingo butu, kwa sababu kazi yake ni kutoa vumbi tu.

Ya rangi ya dhahabu ni ya chuma, sivyo?

Mara nyingi, lakini rangi ni mpako tu na hata biti za mbao hupakwa. Rudi kwenye ncha.

Nimetoboa zege, biti ikageuka bluu na shimo halikufika hata sentimita moja. Picha nimeituma. Biti ni mbovu?

Biti ilikuwa nzima, ila uliipeleka kusiko kwake. Katika picha yako, kichwa na mwili vina upana mmoja na hakuna mstari wa kiungo popote. Hiyo ni ya chuma. Tazama pia pembe mbili za nje za ncha: zimekuwa mviringo, maana kokoto zimezisaga. Ilipoacha kukata ikawa inasugua tu, na bluu ile ni alama ya joto. Ukiinoa upya hadi upite sehemu iliyosagika, bado itatoboa bati au mbao. Kwa zege tumia yenye kabaidi, na uwashe mpigo wa nyundo kwenye drili.

Nina yenye kabaidi, lakini kibao chake kimenolewa kikali kama kisu. Niiweke fungu gani?

Ya ukuta hasa huwa na ukingo mnene, kama patasi butu, ili ivumilie mapigo. Yako huenda ni ya matumizi mengi. Hapo picha haitoshi; soma maandishi ya shinani. Hali kadhalika biti za chuma: ile yenye kobalti na ya kawaida zaweza kufanana kabisa pichani, na alama kama `HSS` au `HSS-Co` ndiyo itakayozitofautisha.